Tulivyoufanya Mkate wa Bwana Kiapo

Mimi ni mtu wa kushuku watu, na tabia hii sikuipata uzeeni. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilipokuwa mdogo nilihesabu vipande vya nyama chunguni kabla ya kwenda kuchunga mbuzi, na nikirudi nilihesabu tena. Basi wamisheni waliponitoa kwetu milimani Usambara wakanipeleka kuwa mwalimu wa kanisa kwa Wazigua, mwendo wa siku moja kutoka Korogwe ukielekea Handeni, nilifika na katekisimu yangu, vibao vya kuandikia kumi na viwili, na macho yasiyomwamini mtu. Hizo zilikuwa zama za Wadachi, yaani Wajerumani, miaka michache kabla ya vita yao.

Kijiji kilikuwa cha Waislamu, watu wa mashamba waliokaa pale tangu enzi za babu zao. Sisi Wakristo tulikuwa wachache, tulienea kwenye magogo sita ya kukalia ndani ya kanisa la udongo. Majirani walituvumilia, lakini kikombe chetu hawakukipenda. Walikuwa wamesikia kwamba ndani yake mna damu, na wakati ule habari za mumiani zilikuwa zimeenea kote, kwamba Wazungu wanakamua damu za watu kufanya dawa. Jumbe mwenyewe aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, damu ile tunaipata kwa nani. Nikamwambia ni divai, maji ya zabibu. Akasema, "Haya, mwalimu," kwa ile sauti ya mtu anayekuacha na uongo wako.

Mchungaji Mzungu alikuja kwetu mara tatu kwa mwaka kutoka kituo cha misheni kilichokuwa upande wa Korogwe. Mpagazi wake alibeba sanduku la mbao, na ndani yake mlikuwa na kikombe cha fedha, sahani, kitambaa cheupe, chupa ya divai, na mkebe wa bati wenye vile vimkate vyembamba visivyotiwa chachu, ambavyo mkewe alivioka kwa koleo la chuma lenye alama ya msalaba. Watu wetu walikipokea Chakula cha Bwana namna wanavyopokea tumbaku msibani. Mwingine alikuja kwa kuwa jirani yake amekuja. Mwingine alikuja moja kwa moja kutoka kwenye pombe ya miwa, akakishika kikombe kwa nguvu hata mchungaji ikambidi amnyang'anye. Mzee mmoja aliuficha mkate chini ya ulimi, akautoa nje na kwenda kuufukia pembeni mwa shamba lake ili kuzuia nguruwe. Kwa bahati mbaya nguruwe hawakuja mwaka ule, na safari iliyofuata watu watatu zaidi walitoka kanisani mashavu yametuna.

Mchungaji alipogundua alikasirika sana. Aliniita kando akaniambia kwamba kosa ni langu, kwa maana watu hawajui wanachokula. Nina miezi minne, akasema, niwafundishe hata wasiichezee tena meza ile.

Nilifundisha. Kila alasiri ya Jumatano na Ijumaa, watu wakitoka shamba, niliwakalisha kwenye magogo yao nikafungua barua ya mtume kwa Wakorintho. Ninaungama hapa kwamba nilichagua mistari inayouma. Niliwasomea kwamba alaye mkate ule na kunywea kikombe kile isivyostahili anajilia hukumu yake mwenyewe, na kwamba kwa sababu hiyo Wakorintho wengi walikuwa dhaifu na wagonjwa, na wengine wamekufa. Nilisoma kwa Kiswahili, nikaeleza, kisha nikamwomba mzee wa kanisa arudie kwa Kizigua ili kina bibi wasikie vizuri. Nilimwona yule mnywa pombe akimeza mate. Nilifurahi, kwa kweli. Nilirudi nyumbani nikajipongeza.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nchi ile ilikuwa na kiapo cha mkate. Kwetu milimani tulikuwa na viapo vyetu vingine. Hapo, kitu kikipotea na mwizi hajulikani, walimwendea mtu mwenye elimu ya kusoma, akasomea maneno kwenye mkate, akaumega na kuwapa wote wanaoshukiwa. Asiye na kosa anameza. Mwenye kosa anapaliwa, mkate unamkaa kooni, na shauri limekwisha. Kila mtu kijijini, Mwislamu kwa Mkristo, alikijua kiapo hicho na kukiogopa. Sasa amekuja mwalimu mgeni, amesimama na kitabu mkononi, anasema kuna mkate unaosomewa maneno na kumhukumu mwenye hatia. Walinielewa barabara. Walielewa kitu ambacho sikukisema, na mimi nilipoona wamekuwa na heshima ghafla, wanaoga, wanafunga kula, hawacheki tena kanisani, nilidhani ni kazi ya Roho.

Mahindi yalikuwa magotini tulipopatwa na lile jambo. Serikali ilikuwa imetoa kadi za kazi, na kila mwanamume alitakiwa aonyeshe kwamba amefanya siku zake kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Wanaume watatu wa kanisa letu walikuwa wamekimbia. Walivuka mto, wakapanda hadi Mpale kwa wajomba zao, wakawa wanalima huko kimya kimya. Nusu ya kijiji ilijua, na hakuna aliyesema. Siku moja askari wa akida, aliyetawala upande wetu kwa niaba ya Wadachi, walipanda moja kwa moja hadi kwenye vibanda vyao wakawatoa. Walipigwa kiboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kila mmoja, wakapelekwa mkongeni. Waliporudi kwetu mwezi uliofuata walikuwa bado wanalalia tumbo.

Ndipo kila mtu akaanza kumtazama mwenzake. Nani amesema? Watu waliacha kuzungumza kisimani. Jina lililotajwa zaidi, kwa kunong'ona, lilikuwa la mjane mmoja wa kanisani kwetu, mwanamke wa makamo mwenye binti wawili, kwa sababu kaka yake alikuwa mpishi kwenye boma la akida. Hapakuwa na sababu nyingine. Kila alipokwenda kumsalimu kaka yake, alirudi na chumvi, na watu wakala ile chumvi wakisema ni malipo.

Mimi pia nilimshuku. Ningependa kuandika kwamba nilimtetea, lakini sikumtetea. Nilikuwa nimemwona siku moja njiani, ametoka kule bomani na kifurushi kichwani, akaniamkia haraka haraka akapita, nami nikajiambia, mbona huyu ana haraka?

Mchungaji alipofika kwa ajili ya Chakula cha Bwana, niliyasikia maneno yaliyokuwa yakipita magogoni. Walisema, Jumapili tutaona. Sikuwauliza mtaona nini, kwa sababu nilijua, na kwa sababu nami nilitaka kuona.

Jumamosi watu walikwenda kwa mchungaji mmoja mmoja kujiandikisha, kama ilivyokuwa desturi. Alikaa kwenye meza yangu na daftari, akimwuliza kila mtu kama ana ugomvi na mwenzake na kama anakijua anachokuja kukipokea. Kila mtu alisema hana ugomvi. Wale watatu waliopigwa walisema hivyo pia. Jioni ile kulikuwa na ibada ya maungamo. Tulipiga magoti, tukaulizwa kama tunajutia dhambi zetu, tukajibu ndiyo, na mchungaji akatutangazia msamaha. Nilijibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote, kwani ndiyo kazi ya mwalimu.

Jumapili, baada ya mahubiri, wasiobatizwa na waliotengwa walitoka nje, wakakaa madirishani. Mchungaji alitandika kitambaa, akayasema yale maneno ya usiku ule ambao Bwana alisalitiwa. Walipokea wanaume, kisha wanawake. Mimi nilipokea mwisho kabisa baada ya wanawake, maana niliongoza wimbo. Mjane yule alikuwa amesimama mwisho wa wanawake, watu wamemsogezea nafasi, kwa hiyo nilipiga magoti pembeni yake. Mkate uliwekwa ulimini mwake. Ulikuwa mkavu, na yeye alijua wanamngojea. Nilikuwa karibu naye hata niliona koo lake linavyojaribu. Nililitazama. Mkate wangu mwenyewe nilipewa nikaumeza bila kujua nimeumeza, kwa kuwa nilikuwa natazama koo la mtu mwingine.

Akapaliwa. Alikohoa, akainama, kikombe kilipofika mdomoni alikohoa tena, na divai ikamwagika kwenye shuka yake nyeupe ya merikani. Nyuma yetu nilisikia magogo yakilia, watu wakiinuka ili waone vizuri.

Mchungaji aliondoka asubuhi yake, na kazi ikaanza. Ua wa mjane ulivunjwa na watu wasiojulikana. Wanawake waliacha kuteka maji naye. Ukoo wa marehemu mumewe ulikaa na jumbe, na jumbe, ambaye hakuwa na shauri na dini yetu, alisema kwamba kiapo ni kiapo hata kikisomwa na Wakristo. Wakakata shauri. Mahindi yakishavunwa mwanamke aende kwao. Nyumba, shamba na wale binti wawili vitabaki kwa ukoo. Kanisani alikaa nje karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia akae pale.

Siku chache baadaye alikuja kwangu akasimama uani, hakutaka kukaa. Alisema, "Shikamoo mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa akida sikusema neno, na Mungu anajua. Basi niambie, mkate umenihukumu kwa nini?"

Nilikuwa na katekisimu mkononi. Nilimwambia nitakwenda kumwuliza mchungaji. Akanitazama kwa namna ambayo ilionyesha kwamba hata mimi hakuniamini, na hilo lilinichoma, kwa sababu kushuku ilikuwa kazi yangu mimi.

Nilianza safari alfajiri. Njiani ilinipasa nipite kwenye boma la akida kuonyesha cheti changu cha misheni. Karani wa pale alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, tuliyesoma naye darasa moja, na nilipoingia alinikaribisha kiti kwa furaha nyingi kuliko kawaida. Alisema akida anashukuru kwa ile karatasi yangu. Nilimwuliza karatasi gani. Akavuta kasha, akaitoa.

Ilikuwa orodha ya wanafunzi wangu wa Jumatano na Ijumaa. Miezi kadhaa nyuma yeye mwenyewe aliniandikia kwamba Bwana Mkubwa anataka kuona daftari za shule za misheni, nami kwa kiburi cha mwandiko wangu niliinakili upya, nikanyoosha mistari, na mbele ya majina matatu ya watu wasiofika niliandika sababu, ili mtu yeyote asidhani kwamba shule yangu ina watoro. Niliandika: wapo Mpale kwa wajomba zao, watarudi mavuno yakikaribia. Chini ya neno Mpale palikuwa na mstari wa penseli nyekundu.

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka kwamba nilitembea hadi njia panda ya Segera kabla sijagundua kuwa cheti changu nimekiacha mezani kwa karani, na ilinibidi nirudi kukichukua, nikaketi tena kwenye kiti kile kile, nikashukuriwa mara ya pili.

Mchungaji alinipokea barazani kwake. Nilimweleza habari ya mjane tu. Ile karatasi niliimeza, maana nilimshuku hata yeye. Nilifikiri akijua ataninyang'anya shule. Alisikiliza, akaniletea Agano Jipya, akaniambia nisome ile barua tena, lakini nianzie juu ya pale nilipozoea kuanzia. Nikasoma. Wakorintho walikuwa wakikutana kula, na wenye chakula walitangulia kula wakashiba na kulewa, na maskini waliochelewa walikuta vyombo vitupu wakaaibika. Akaniuliza, "Sasa, walimkosea nani?"

Nikasema wenzao.

Akasema ndivyo. Isivyostahili si habari ya mtu mwenye dhambi kufika mezani, kwa maana wasio na dhambi hawapo. Ni habari ya namna anavyokula, anapoula mwili wa Bwana huku anamdharau mtu aliye kiungo cha mwili huo, aliyepiga magoti pembeni yake. Kisha akanionyesha kwamba mtume anasema mtu ajihoji nafsi yake, na hivyo ale. Hasemi amhoji jirani. Wala hasemi ajihoji kisha akae nyumbani. Anayestahili ni yule anayeamini kwamba kile chakula kimetolewa kwa ajili yake.

Nilikuwa nimeikariri barua ile. Ningeweza kuisoma macho yamefumbwa. Aibu iliyonishika pale barazani ilikuwa ya mtu aliyeuza asali miaka mingi bila kuionja.

"Siku ile," akaniuliza, "wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Koo lake."

Alilifunga lile Agano Jipya. Halafu alisema kitu ambacho sikukitegemea kwa Mzungu. Alisema, "Na mimi nilitazama. Niliharakisha kikombe."

Ndipo nikamwambia habari ya karatasi. Hakufoka. Aliniambia kwamba mchungaji hana ruhusa kuitoa nje siri ya mtu aliyeungama kwake, kwa hiyo yeye hatasema, lakini mimi nisije mezani mpaka nimekwenda kwa mjane na kwa wale watatu. Shule yangu hakuitaja. Nilirudi nikiwa na nia njema, na nia ile ilidumu mpaka nilipoona paa za kijiji.

Kwa sababu nilianza kufikiri. Je, siwezi kumwokoa mjane kwa mafundisho tu? Nikiwafundisha sawasawa kwamba ule mkate si kiapo, shauri lote linaanguka, na hakuna haja ya kutaja karatasi. Nilijidanganya wiki nzima, halafu wiki nyingine. Lakini mafundisho yenyewe yalikuwa mazuri, sina budi kusema. Siku moja niliwaambia wote walete chakula kanisani, na nikawaambia wa kwanza kufika waanze kula. Wazee na wenye mashamba ya karibu walifika mapema wakala. Wanawake waliotoka mashamba ya mbali, na wale watatu waliokuwa bado wanatembea kwa shida, walifika wakakuta vyungu vinakwanguliwa. Mzee wa kanisa aliona haya, akataka kutuma mtu kwake akalete ugali. Nikamwambia asitume. Nikasoma ile barua kuanzia juu.

Walielewa. Niliwauliza maswali ya katekisimu, moja baada ya jingine, na yule mnywa pombe ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote. Nikawaeleza kwamba kiapo mtu anapewa na wanaomshuku, ili wamkamate. Meza ya Bwana mtu anapewa na yule ambaye yeye mwenyewe amemkosea, ili amsamehe. Walitikisa vichwa kukubali. Nilipowauliza kama mkate wa Bwana unapalia wenye hatia, walisema hapana, mwalimu.

Na siku iliyofuata mjane aliteka maji peke yake vile vile. Nilipomwuliza mzee wa kanisa, alisema, "Sawa, mgosi, si kiapo. Tumesikia. Lakini kama si yeye, ni nani?" Ndipo nilipoelewa kwamba shaka ni kama kupe, haiachii ngozi hii mpaka ipate nyingine.

Mahindi yalikauka. Watu walianza kuvuna. Binti mkubwa wa mjane alionekana akibeba vyombo kuvipeleka kwa mama yake mdogo upande wa Mkata, kidogo kidogo, na mama yake akishona mkeka wa safari. Mchungaji alitazamiwa Jumamosi. Ijumaa alasiri nilikuwa na somo la mwisho, na watu walijaa, hata madirishani palikuwa na Waislamu wawili watatu wakisikiliza. Mjane alikaa nje ya mlango kama kawaida yake.

Nilieleza habari za usiku ule wa kwanza wa Chakula cha Bwana, jinsi Bwana alivyoketi na wote kumi na wawili, naye anajua ni nani atakayemsaliti. Niliwaambia kwamba msaliti naye alikuwepo, akapewa kama wengine.

Mmoja wa wale watatu, mdogo wao, ambaye hakuwahi kuuliza swali darasani, alisema, "Na yeye alipaliwa?"

Nikasema, "Hapana. Alimeza."

"Basi aliyetuuza sisi naye alimeza," akasema. Hakusema kwa hasira. Aligeuka akaanza kutazama gogo moja baada ya jingine, watu wote waliomeza vizuri siku ile, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa ingawa hakuwa na kosa. Nilimwona akimaliza magogo. Nilijua kwamba akimaliza magogo amebaki mtu mmoja aliyesimama.

Sitajisifu kwamba nilikuwa jasiri. Nilisema kwa sababu nilichoka kuogopa. Nilisema, "Ni mimi," nikaeleza karatasi yote, mistari iliyonyooka, sababu niliyoiandika, penseli nyekundu, na siku niliyoijua habari hii, na kwamba tangu siku hiyo nimekaa kimya wakati ua wa mwanamke huyu umelala chini. Nilisema sikukusudia. Halafu nikasema kwamba kutokukusudia kuliishia bomani kwa karani, yaliyofuata yote niliyakusudia. Nikatoka mlangoni, nikapiga magoti mbele ya mjane, nikamwomba radhi.

Alinitazama muda mrefu. Aliinuka, akakunja kitambaa alichokuwa amekikalia, akaenda zake.

Mambo hayakuwa mazuri siku ile. Mkubwa wa wale watatu alitema mate karibu na miguu yangu. Jumbe aliniambia kwamba Wazungu wamepata mbwa mwenye kalamu, na niliona ni sawa. Lakini kabla jua halijatua nilisikia shoka. Mzee wa kanisa na yule mnywa pombe walikuwa wanakata fito, wakausimamisha upya ua wa mjane, na hakuna aliyewatuma. Ukoo haukuomba radhi, ila walimpelekea kikapu cha mahindi, na yule binti akayarudisha masufuria kutoka Mkata.

Jumamosi mchungaji alipowauliza watu kama wana ugomvi, kwa mara ya kwanza walimwambia kweli. Ilichukua muda mrefu. Mkubwa wa wale watatu alisema ana neno na mwalimu na hayuko tayari, na mchungaji hakumwandika wala hakumkemea. Alirudi nyumbani, na hakuja mezani mwaka ule wote. Wawili wengine walikuja. Mjane alijiandikisha. Sijui alimwambia mchungaji nini juu yangu, na sikuuliza, ingawa usingizi ulinipaa kwa kutaka kujua. Mimi mchungaji aliniuliza kama ninakuja. Nilisema sistahili. Akasema hilo ndilo alilotaka kusikia, akaniandika.

Jumapili waliokuwa wamejiandikisha walipiga magoti, wanaume kisha wanawake, na mimi mwisho, baada ya kuongoza wimbo kwa sauti iliyopasuka. Mjane alikuwa wa mwisho wa wanawake. Hakuna aliyemsogezea nafasi safari hii, mwenyewe alipenda kukaa pale. Alipokea, akameza, akanywa. Mkate ukaja kwangu. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama vumbi la kiangazi, mkate ukashika kwenye kaakaa, nikajaribu kumeza, nikapaliwa. Nilikohoa mbele ya kanisa zima mpaka machozi yakanitoka. Niliyangojea yale magogo yalie, watu wainuke watazame. Hayakulia.

Mjane hakugeuza kichwa. Alisema chinichini, "Meza taratibu, mwalimu. Ni mkavu tu."